Apeperusha mswada sokoni na kuuita sheria! Mpaka lini, watu wa Malindi?

Mwana_wa_Sokoni (mwanzisha uzi)

Mtoza ada huyu wa kaunti, jina lake sitaji. Mwamjua nyote. Kila mwenye kibanda soko la Malindi husikia sauti yake kabla ya kumuona, na hata paka wa kwenye mabucha hukimbia akipita. Leo asubuhi kasimama na karatasi mbele ya mama muuza nyanya, mtu mzima wa umri wa mamake, akamwambia: "Gazeti la serikali limetoka, kibali chako sasa ni elfu nne, lipa iliyopungua leo au funga." Mama akamuomba kwa adabu aione hiyo karatasi. Jamaa akaikunja, akaitia mfukoni, akamjibu: "Kwani utaisoma?"

KWANI UTAISOMA! Mbele ya wateja wake, nyanya ziko mezani, watu wamesimama na vikapu.

Haya, nimeifungua karatasi hiyohiyo kwenye simu. Ni Gazeti la kweli, si la kughushi, na hapo ndipo anapowatega watu. Gazeti Rasmi huchapisha vitu viwili vinavyofanana kama mapacha: miswada na sheria. Huu wake ni mswada, mswada wa fedha wa kaunti yetu ya Kilifi. Ukurasa wa kwanza, pale juu, pameandikwa `COUNTY BILLS`. Chini kwenye yaliyomo pameandikwa `Bill for Introduction into the County Assembly`. Maana yake unapelekwa bungeni ukajadiliwe. Haujapita, gavana hajautia sahihi, na zile elfu nne ni pendekezo tu. Madiwani wanaweza kuzipunguza, kuzifuta au kuziacha zilivyo.

Katiba, kifungu cha 210, yasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kubadilishwa au kusamehewa ila kwa sheria. Mswada si sheria. Lakini yeye kaukunja katia mfukoni, kisha anamuuliza mama wa watu, "Kwani utaisoma?" Nimekasirika mpaka chai imenipoa.

Pweza_Mkavu

Na wewe msomi wa soko ulikuwa wapi wakati mama anatukanwa? Simu unayo, sheria waijua, mdomo umeuweka kwa nani? Umekuja kutupigia kelele sisi.

Mwana_wa_Sokoni

Nimekuja ili kesho akirudi kila mtu ajue pa kutazama. Kumuuliza mama "kwani utaisoma" ni dhambi yake, si yangu.

Kahawa_Tungu

Jamani, msimlaumu sana. Sheria ya fedha huanza Julai mosi kila mwaka. Julai imepita, kwa hivyo ada mpya ziko kazini. Hiyo ndiyo sheria, tupende tusipende.

Karani_wa_Zamani

Kahawa, umeshika nusu. Julai mosi ni mwanzo wa mwaka wa fedha, na sehemu kubwa ya sheria ya fedha ya taifa huanza siku hiyo. Ya kaunti ina kalenda yake. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 133, inalipatia bunge la kaunti siku 90 tangu lipitishe mswada wa matumizi, nalo liwe limeupitisha mswada wa fedha. Basi bajeti ikipita Juni 30, siku ya 90 ni Septemba 28. Ndiyo maana ada za kaunti mara nyingi hubadilika mwaka ukielekea kwisha, na miezi hiyo ndiyo ya kuwa macho.

Kupita bungeni nako si mwisho. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 25, yataka sheria ichapishwe Gazetini ndani ya siku 7 baada ya sahihi ya gavana, na huanza kazi siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe imetaja tarehe nyingine. Chukueni mfano. Ikichapishwa Ijumaa tarehe 3, siku ya 14 ni Ijumaa tarehe 17. Anayekuja tarehe 10 kudai ada mpya amekuja mapema, hata kama karatasi yake ni sheria kweli.

Tarehe hamna haja ya kuhesabu kwa vidole. Sheria huanza na mistari miwili chini ya jina lake, `Date of Assent` na `Date of Commencement`. Wa kwanza ni siku ya sahihi, wa pili ndiyo siku ya kuanza kulipa. Mswada hauna tarehe hapo, na mwishoni una ukurasa wa `Memorandum of Objects and Reasons` wa kueleza kwa nini umeletwa. Ukiukuta ukurasa huo, mwambie mtu asubiri.

Shela_Upepo

Shukran karani. Basi nasi huku Lamu, sokoni pale karibu na ngome, tulipe elfu nne kuanzia lini? Maana yule wa kwetu ameshaanza kuitaja.

Karani_wa_Zamani

Dada, hiyo ni ya Kilifi. Lamu ni kaunti nyingine, ina bunge lake na sheria yake. Tazama jina la kaunti kwenye mstari wa juu wa Gazeti. Kama si Lamu, hiyo karatasi haikuhusu hata ingekuwa na sahihi kumi. Tafuta ya Lamu kwenye kenyalaw.org, Magazeti yako humo.

Shela_Upepo

Sasa kwa nini huyu wa kwetu anaitaja?

Pweza_Mkavu

Kwa sababu wana shangazi mmoja 😂

Tausi_Mwekundu

Mwapigana na tarehe na hamjauliza hesabu. Mie nawauliza, elfu nne za mstari gani? Jedwali la vibali halina bei moja ya "soko". Lina mistari, na kila mstari una namba na maelezo yake. Katika kaunti nyingi mfanyabiashara mdogo ni mwenye wafanyakazi wasiozidi 4 na nafasi iliyo chini ya mita 50 za mraba. Wa kati ni wafanyakazi 5 hadi 20, au mita 50 hadi 300. Mchuuzi na mwenye kibanda kisicho cha kudumu wana mistari yao chini zaidi.

Sasa mpimeni huyo mama. Tuseme kibanda ni mita 3 kwa 4, hizo ni mita 12, na msaidizi wake ni mmoja. Hata mkimpimia na kivuli cha mwavuli, hafiki 50. Tuseme mstari wake leo ni 2,500 na mswada wataka 3,000, na mstari wa wa kati ndio 4,000. Basi huyo jamaa amefanya makosa mawili: ametumia mswada, na amempandisha mama daraja. Hili la pili ndilo baya, kwa sababu hata sheria ikipita kihalali litabaki pale pale. Ataletewa ankara ya wa kati kila mwaka, na atadhani ni ada zimepanda.

Angalieni kibali cha mwaka jana. Kimeandikwa namba na maelezo ya biashara. Kisha angalieni ankara mpya. Namba ikiwa ileile na pesa zimepanda, ni sheria imebadilika, itafute. Namba ikiwa nyingine, ni daraja limebadilishwa. Hapo mwandikieni afisa wa biashara mkitaja vipimo vya kibanda na idadi ya watu, muombe aje kupima, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa. Malalamiko ya mdomo hayana tarehe.

Mwana_wa_Sokoni

Hilo la daraja sikulitazama. Nimetazama sasa. Elfu nne kwenye mswada ni kweli mstari wa biashara ya kati! Basi ndiyo maana kaikunja! Ndiyo maana kamuuliza mama "kwani utaisoma"! Angeisoma angemuumbua!

Kahawa_Tungu

Au hajui kusoma jedwali mwenyewe.

Mwana_wa_Sokoni

Basi asiulize watu kama watasoma.

Nazi_Dafu

Wananchi hawakushirikishwa. Katiba kifungu cha 196 chasema lazima bunge lishirikishe watu. Kwa hivyo hata ikipita ni batili. Msilipe.

Karani_wa_Zamani

Nazi, kifungu ndicho, ila utawaponza watu. Kuibatilisha sheria ni kazi ya mahakama, si ya muuza dafu. Mpaka mahakama iseme, sheria iko, na asiyelipa huongezewa adhabu ya kuchelewa juu ya ada. Nafasi yenu ni sasa ikiwa bado mswada: andikeni maoni kwa karani wa bunge la kaunti, mtaje namba ya mstari, ada ya sasa, inayopendekezwa, na mnayoona mnaiweza. "Tunaumia" peke yake hakuna kamati itakayolifanyia hesabu.

Ngarawa_Tatu

Swali. Mie nimelipa kibali cha mwaka mzima, kimeandikwa kinaisha Desemba 31. Sheria mpya ikianza katikati, nadaiwa ya kuongeza?

Tausi_Mwekundu

Kibali kishatolewa na kina tarehe ya kuisha. Kwa maoni yangu hudaiwi mpaka ukihuisha.

Karani_wa_Zamani

Mie ningesoma kwanza vifungu vya mwisho vya sheria yenyewe. Wakati mwingine huweka maneno kuhusu vibali vilivyokwisha tolewa.

Tausi_Mwekundu

Yasipokuwepo?

Karani_wa_Zamani

Yasipokuwepo niko upande wako. Lakini nimeona watu wakibishana hilo mpaka jua likazama.

Pweza_Mkavu

Vibali vibali! Na ushuru wa kila siku je? Mwalipa asubuhi, takataka ziko palepale mpaka Ijumaa. Mvua ikinyesha mboga zinaogelea. Fungueni uzi wa hilo.

Tausi_Mwekundu

Huo usichanganye na kibali. Ushuru wa siku, kodi ya kibanda ya mwezi na kibali cha mwaka ni mistari mitatu tofauti. Mtu akikwambia "ada imepanda", muulize ni ipi, na ni ya siku, ya mwezi au ya mwaka. Safu hiyo ya jedwali ndiyo watu huiruka.

Pweza_Mkavu

Mie nazungumzia takataka.

Shela_Upepo

Takataka mwaona ninyi. Njooni Lamu muone tunavyolipia mzigo ukishuka gatini, ukipanda punda tena twalipa, ukifika sokoni twalipa.

Ngarawa_Tatu

Lamu mna afadhali, punda hapandishi bei kila mafuta yakipanda.

Shela_Upepo

Punda hapandishi, mwenye punda apandisha! Wiki hii kaongeza, na hakuna Gazeti lililomchapisha.

Fundi_Mizani

Na mizani je, kuna anayejua muhuri wa mwaka huu unagongwa lini? Yangu ya kilo 10 ina muhuri wa mwaka jana.

Ngarawa_Tatu

Ya samaki au ya nafaka?

Fundi_Mizani

Samaki. Na sahani yake imeota kutu upande mmoja.

Ngarawa_Tatu

Hiyo hawatagonga. Badilisha sahani kwanza.