Eti mteja wangu "ana haraka ya vidole"! Oda moja, kakatwa mara tatu, na fundi ananichekea

Karani_Mchungu (mleta uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, simu nimeitupa kwenye kochi nisije nikaipasua. Yule fundi wetu wa malipo (mnamjua, msijifanye hamumjui, mfumo wake ungeweza kumkata hela hata marehemu) leo kanivua nguo mbele ya kikao kizima.

Mteja kalipia oda moja. MOJA. Kakatwa mara tatu. Kapiga simu analia, na anayepokea simu ni mimi, si yeye. Nikabeba logi, nikaingia nazo kikaoni kama mwendesha mashtaka. Hakuziangalia hata. Akaegemea kiti, akacheka, akasema: "Mteja wako ana haraka ya vidole."

Haraka ya vidole, jamani. Kikao kizima kikacheka. Mpaka yule anayelalaga vikao vyote akaamka ili acheke.

Nikamuuliza, si mlituahidi idempotensi, kwamba ombi likirudiwa mteja hakatwi tena? Akasema ipo, tena siku nyingi, akautuma msimbo kwenye grupu la kazi ili nione haya. Mimi msimbo siusomi vizuri, nauweka hapa pamoja na logi. Nyie mwone wenyewe.

```
14:02:10  POST /malipo  oda=7731
14:02:21  POST /malipo  oda=7731
14:02:33  POST /malipo  oda=7731
```

```python
for i in range(3):
    key = str(uuid.uuid4())
    try:
        return lipa(oda, key, timeout=10)
    except Timeout:
        time.sleep(i + 1)
```

HARAKA YA VIDOLE!!!

Nimekaa_Paleee

Pole mkuu. Ila kusema kweli hilo neno ni zuri, naliiba.

Kitufe_Kimoja

Tatizo dogo sana hili. Mtu akishabonyeza "Lipa", kitufe kizimwe hapo hapo, kiwe cha kijivu. Kwetu tulifanya hivyo na malalamiko ya kukatwa mara mbili yakapungua. Fundi wenu ana hoja, wateja wanabonyeza kama wanatwanga.

Karani_Mchungu

Kitufe_Kimoja wewe ndiye yeye, sema ukweli. Umefungua akaunti leo?

Kitufe_Kimoja

Nipo humu miaka sita, dada.

Karani_Mchungu

Mimi si dada.

MamaSeva

Ngojeni kwanza. Hizo saa tatu kuna mtu kazipigia hesabu? Kutoka ombi la kwanza hadi la pili ni sekunde 11. La pili hadi la tatu, 12. Sasa usome msimbo aliokutumia mwenyewe: anasubiri jibu sekunde 10, hakuna, analala 1, anatuma tena. Anasubiri 10, hakuna, analala 2, anatuma tena. 10 na 1, kisha 10 na 2. Kidole cha binadamu hakina nidhamu hiyo. Aliyebonyeza mara tatu ni msimbo wake.

Kosa lenyewe liko mstari wa pili. `uuid4` inatoa ufunguo mpya kila inapoitwa, naye kaiweka ndani ya kitanzi. Kila jaribio linatoka na ufunguo wake. Kule kwa mtoa huduma hawana namna ya kujua kwamba ni ombi lilelile limerudi, wanaona malipo matatu ya watu watatu wenye shida zao. Ni kama kumpa mtu mmoja namba mpya ya foleni kila anapokaa, halafu ukashangaa kaitwa dirishani mara tatu.

Huo mstari ukihamia juu ya `for`, ufunguo unakuwa mmoja kwa majaribio yote matatu. Mstari mmoja tu, kwa leo.

Karani_Mchungu

Subiri. Subiri kwanza. KWA HIYO ALINILETEA USHAHIDI DHIDI YAKE MWENYEWE HUKU ANACHEKA???

Nimekaa_Paleee

Uzi umenoga. Naongeza kiti.

Mlinzi_wa_Siri

Mleta uzi, futa haraka! Umeweka ufunguo hadharani. Watu wanaibiwa hivi hivi. Mwambie abadilishe leo na asiuweke tena kwenye msimbo.

MamaSeva

Huo si ufunguo wa siri, mkuu. Hauingii popote, haufungui chochote. Ni jina tu la jaribio la kulipa, linasafiri kwenye kichwa cha ombi kinachoitwa `Idempotency-Key`. Ukiuona huna la kuufanyia.

Mlinzi_wa_Siri

Sawa, lakini mimi ningeubadilisha.

MamaSeva

Kuubadilisha ndiko kulikomkata mteja mara tatu.

Swali_Dogo

Mimi mshamba wa haya mambo. Kwa nini arudie rudie? Taimauti ikitokea si amwambie mteja imeshindikana, yaishe?

MamaSeva

Kwa sababu taimauti haisemi imeshindikana. Inasema tu nimechoka kusubiri. Labda ombi halikufika kabisa. Labda limefika na benki bado inalishughulikia. Labda hela imeshakatwa na jibu ndilo limepotea njiani. Kwako wewe uliyetuma, zote tatu zinafanana, ni kimya. Ukimwambia mteja imeshindikana, atalipa tena kwa mkono wake, na hapo ndipo utapata huyo mwenye vidole. Usiporudia kabisa, oda ambayo ombi lake halikufika itakaa bila malipo. Kwa hiyo unarudia, ila kwa jina lilelile.

Karani, huna saa ya jibu la benki kwa ombi la kwanza?

Karani_Mchungu

Ninayo, iko kwenye taarifa ya benki. 14:02:24 limekubaliwa. Mengine nayo yakakubaliwa, yote matatu. Na yeye akacheka.

MamaSeva

Basi kisa kimekamilika. Benki ilichukua sekunde 14, yeye anasubiri 10. Hela ilikatwa vizuri tu, jibu likaja likakuta mlango umefungwa.

Sasa uyarudie yaleyale kwa ufunguo mmoja. Saa 14:02:10 mtoa huduma anauandika ufunguo kwenye jedwali lisiloruhusu ufunguo kujirudia, na anauandika kabla hajagusa hela. 14:02:21 ombi la pili linafika, linakuta ufunguo upo na kazi bado inaendelea, linarudishwa na 409, yaani subiri. 14:02:33 linakuja la tatu. Kazi ilishaisha 14:02:24, kwa hiyo linapewa jibu lilelile lililohifadhiwa la ombi la kwanza: limekubaliwa. Benki imeguswa mara moja.

Fundi wenu aangalie hapo pia, msimbo wake unajua `Timeout` tu. Akipata 409 ataichukulia kama kosa, mteja ataandikiwa imeshindikana, na tunarudi kulekule.

Karani_Mchungu

Mama nimekuelewa nusu, lakini hiyo nusu naichapisha kwa herufi kubwa na kuibandika mlangoni kwake. Jamaa alicheka mpaka akafuta machozi. Machozi! Kwa kosa lake mwenyewe!

Hashi_Haikosei

Mnahangaika bure na UUID. Mimi naunganisha namba ya mteja na kiasi, napiga hashi, huo ndio ufunguo. Urudie mara mia, utatoka uleule. Huhitaji kukumbuka chochote.

Mhasibu_Msumbufu

Nyie ndio mliotutesa! Kuna mteja wetu alinunua kitu asubuhi, akapenda, akanunua kingine kama hicho jioni. Mteja yuleyule, kiasi kilekile. Mfumo ukamrudishia jibu la asubuhi, "limekubaliwa", mzigo wa pili ukatoka bure. Nililigundua mwisho wa mwezi, oda zimezidi malipo na kila logi inasema mambo shwari. Heri aliyekatwa mara tatu, huyo analalamika. Wa bure hapigi simu.

Hashi_Haikosei

Basi ongeza namba ya oda.

Mhasibu_Msumbufu

Ukiongeza namba ya oda, hiyo hashi ya nini tena?

MamaSeva

Hashi ana robo ya ukweli hapo. Kilichompendeza ni kutokukumbuka, na kweli kukumbuka ndiko kugumu. Hata ukiuhamisha ule mstari juu ya kitanzi, seva ikizimwa ghafla baada ya jaribio la kwanza, ufunguo umekufa nayo. Ikiwaka inaikuta oda haina malipo, inatengeneza mpya, mteja kakatwa tena. Ndiyo maana nilisema kwa leo. Ufunguo uandikwe kwenye databesi kando ya oda kabla ombi la kwanza halijatoka, na anayerudia ausome kutoka hapo.

Kitufe_Kimoja

Si bora ufunguo uwe namba ya oda moja kwa moja? 7731. Haipotei.

Bwana_Marejeo

Halafu kadi ikikataliwa? Mteja anabadilisha kadi, oda ni ileile, ufunguo uleule. Stripe kwa mfano, kwenye API yao ya v1, wanalitunza jibu la kwanza hata likiwa kosa la 500, na ukituma ufunguo uleule na maelezo tofauti wanakurudishia kosa. Huyo mteja na kadi yake mpya hatalipa milele.

Kitufe_Kimoja

Weka `7731-1`, kisha `7731-2`.

Bwana_Marejeo

Na nani anaamua lini iwe 2? Kukataliwa ni jibu, hapo sawa. Taimauti si jibu. Ukiongeza namba baada ya taimauti, umerudi kwenye kitanzi cha fundi.

MamaSeva

Hapo nami sina neno la mwisho. Kwangu ni mpya baada ya jibu la kukataliwa tu, basi. Lakini nimekaa na watu wazito wanaotengeneza mpya kila mteja anapofungua upya ukurasa wa kulipa, kisha wanaikagua oda kabla ya kutuma. Na kumbuka mtoa huduma naye anasahau, hao Stripe kwenye v1 wanaweza kuufuta ufunguo ukishapita saa 24. Ukirudia kesho kutwa kwa ufunguo uleule, kwao ni mgeni. Hapo usirudie, uliza kwanza kama malipo yapo.

Karani_Mchungu

Jamani nina habari. Nimetuma kile kijisehemu cha 11 na 12 kwenye grupu la kazi. Kimya dakika arobaini. Kisha kaandika: "Nimeboresha kitanzi." KABORESHA. Hakuna samahani, hakuna vidole, hakuna mteja. Kaboresha!

Nimekaa_Paleee

Mwambie na wewe umeboresha malalamiko.

Swali_Dogo

Huyo mteja karudishiwa hela zake lakini?

Karani_Mchungu

Ombi la kurejesha mbili nimelituma mimi. Likapata taimauti. Naogopa kubonyeza tena.

MamaSeva

USIBONYEZE. Angalia kwanza kama nalo lina ufunguo.

Mhasibu_Msumbufu

Tukiwa hapo hapo kwenye taimauti, kuna huyu mwingine mnayemjua wa meseji za kuthibitisha. Unaomba namba, haiji. Unaomba tena, haiji. Kisha zinakuja nne kwa mpigo, na inayokubalika hujui ni ipi. Mimi jana nimefungiwa akaunti.

Kitufe_Kimoja

Huyo! Kwangu ilikuja saa tisa usiku. Nimeomba saa moja jioni.

Hashi_Haikosei

Hiyo fungulieni uzi wake, nina picha za skrini kumi na mbili.

Karani_Mchungu

Wakuu, uzi ni wangu.

Nimekaa_Paleee

Mleta uzi tulia, una haraka ya vidole. Hashi, leta picha.