Kumwomba mkurugenzi dakika 15: barua pepe, katibu muhtasi au WhatsApp?

Mtumishi wa Posta: Wenzangu, nahitaji dakika 15 za mkurugenzi wetu wa fedha kabla ya Ijumaa saa 10 jioni, kwa kuwa ndipo bei tuliyopewa na mgavi wa jenereta itakapokoma. Nimwandikie barua pepe, nipitie kwa katibu muhtasi wake, au nimtumie ujumbe wa WhatsApp?

Kijana wa Tabata: WhatsApp. Utaona kama amesoma, na barua pepe za wakubwa hujaa.

Dada wa Masijala: Kwamba hujaa ni kweli, lakini WhatsApp inafaa tu iwapo yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kukuandikia huko, vinginevyo, akishasoma akanyamaza, utamkumbushaje bila kuonekana unamsukuma? Nimekaa meza ya katibu muhtasi miaka 9, nami ningeunganisha njia mbili: mwandikie mkurugenzi, mpe katibu nakala, kisha umpigie katibu. Uzito wa jambo huamuliwa na bosi, ila nafasi huijua katibu, maana ndiye anayeona kikao kipi kimeahirishwa. Ukimwendea katibu mikono mitupu, hana cha kumwonyesha bosi. Ningeandika hivi:

"Yah: Ombi la dakika 15 kuhusu jenereta, kabla ya Ijumaa saa 10 jioni. Shikamoo Mkurugenzi. Naomba dakika 15 ili unipe uamuzi kati ya wagavi wawili: mmoja ana bei nafuu, mwingine analeta mzigo mapema. Jedwali la ukurasa mmoja nimeliambatanisha. Naweza kufika Jumatano saa 3 asubuhi, Alhamisi saa 8 mchana, au wakati mwingine utakaokufaa. Nafasi ikikosekana, maelekezo yako kwa maandishi yatatosha."

Sentensi ya mwisho usiifute, kwani ndiyo inayompa njia ya kukusaidia hata akiwa safarini.

Mzee wa Kigamboni: "Shikamoo" katika barua ya kikazi siikubali, "Ndugu Mkurugenzi" inatosha. Halafu angalieni saa. Mimi niliwahi kuandika saa 4 asubuhi, aliyeingiza kwenye kalenda ya kompyuta akaandika 4:00 badala ya 10:00, nikasubiri mlangoni peke yangu.

Mama Kimara: Mimi bosi wangu amekalia ombi langu la likizo wiki ya tatu. Niombe kikao?

Dada wa Masijala: Likizo haihitaji kikao, dada, anza na ofisi ya utumishi. Kuhusu shikamoo, Mzee, mkurugenzi niliyemhudumia alikuwa akiitikia "marahaba" kabla ya kujibu lolote.

Mzee wa Kigamboni: Huyo ni wako.

Mtumishi wa Posta: Nimetuma na nakala imekwenda kwa katibu. Nilipompigia, alisema Alhamisi saa 8 haiwezekani, lakini kikao cha Jumatano asubuhi kimesogezwa, hivyo nimepata dakika 10 kuanzia saa 2:40. Salamu niliandika "Ndugu Mkurugenzi". Shikamoo nitaitoa mlangoni.