Ujumbe wa miadi uligeuzwa Kiswahili, mama akachelewa kwa saa sita nzima

Mkaaji wa Kadutu: Ndugu zangu, ninaandika nikiwa na hasira. Kituo kimoja cha afya hapa Bukavu kilimpangia mama ekografia ya tumbo. Ujumbe wa Kiingereza, ambao bado ninao, ulisema aje Jumanne 9:30 ya asubuhi, asile kuanzia saa sita ya usiku uliotangulia ila maji anaruhusiwa hadi 7:30, na akishindwa atoe taarifa angalau saa 24 kabla. Akichelewa zaidi ya dakika 15, miadi inaweza kuahirishwa.

Kiswahili alichosomewa mama ni hiki: «Uje Jumanne saa tisa na nusu. Usile wala usinywe usiku wa Jumanne. Ukishindwa, utujulishe siku moja kabla. Ukichelewa, miadi itafutwa.»

Mama alifika saa tisa na nusu alasiri, akiwa na kiu tangu jana yake, akaambiwa muda wake umepita. Nani aliwapa ruhusa ya kumnyima mgonjwa maji ambayo daktari alimruhusu?

Dereva wa Bagira: Pole kwa mama. Dawa ni kuacha tarakimu 9:30 kama zilivyo, kwa sababu kila simu inaonyesha hivyo.

Mwalimu wa Ibanda: Hilo linamfaa anayejisomea, ndugu dereva, lakini mzee anayesomewa na mjukuu atasikia «saa tisa na nusu». Yaandikwe yote mawili, tarakimu na saa ya Kiswahili. Usiku nao una hatari yake: wazee wengi huhesabu usiku wa Jumanne tangu jua linapozama Jumatatu, ilhali vijana hufikiria Jumanne jioni, wakati kipimo kimekwisha. Tena «siku moja kabla» inamruhusu mtu kupiga simu Jumatatu jioni, ingawa saa 24 zinakwisha Jumatatu saa tatu na nusu asubuhi. Mimi ningeandika hivi:

«Mama, miadi yako ni Jumanne saa tatu na nusu asubuhi (kwenye simu 9:30). Kuanzia saa sita usiku wa kuamkia Jumanne usile chochote. Maji unaweza kunywa hadi saa moja na nusu asubuhi (7:30). Ukiona hutaweza kuja, tujulishe angalau saa 24 kabla, yaani si baada ya Jumatatu saa tatu na nusu asubuhi. Ukichelewa zaidi ya dakika 15, miadi inaweza kuahirishwa.»

Mama wa Nyawera: Na mimi nilikosa randevu ya mzigo. Mteja wa Nairobi aliandika saa nne asubuhi, nikapiga saa nne ya hapa, kumbe kwao ilikuwa saa tano.

Mwalimu wa Ibanda: Dada, huko tatizo ni saa za miji miwili, si tafsiri, ungemwomba aandike ni saa za wapi.

Mkaaji wa Kadutu: Nimeuchapisha ujumbe wa mwalimu, kesho ninaupeleka mapokezi. Ila nimemsomea mama, naye ameuliza: «saa sita usiku» ndiyo mwisho wa kula, au anaweza kumaliza sahani aliyoianza? Kiingereza hakikutaja sahani iliyokwisha kuanzwa.