Mnanitumia picha ya tangazo la kazi bila neno hata moja, kisha mnanilaumu

Ndugu zangu wa Lubumbashi, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Ni mwaka wa 6 sasa ninaandika na kurekebisha CV na barua za maombi ya kazi katika kibanda changu hapa mjini kwetu, katika mtaa uitwao Kenya, na karibu kila siku simu yangu inapokea picha ya skrini ya tangazo la kazi, bila salamu, bila swali, bila CV kuambatanishwa. Mtumaji anaamini kwamba nimekwisha kuelewa anachotaka. Sijaelewa, kwa sababu picha hiyo hiyo inaweza kuwa na maana tatu, na kila maana ni kazi tofauti.

Jumanne iliyopita, saa 3 usiku, kijana mmoja niliyemwandikia barua mwaka jana alinitumia tangazo la mtunza bohari katika mgodi ulio upande wa Kolwezi. Tangazo lilidai uzoefu wa miaka 3 wa kutunza bidhaa na ujuzi wa kuziandika kwenye kompyuta, na likaongeza kwamba aliyekwisha kufanya kazi mgodini angepewa kipaumbele. Nilimwuliza anataka nini, hakujibu. Kwa kuwa mara ya kwanza alitaka barua, niliandika barua mpaka saa 5 usiku. Asubuhi akaniambia, "Mama, barua ninayo tayari, nilitaka unitengenezee CV ifanane na kazi hiyo." Isitoshe, picha yake ilikuwa imekatwa chini, na sehemu iliyokatwa ndiyo iliyokuwa na namba ya kumbukumbu ya kuandika kwenye kichwa cha barua pepe, orodha ya hati pamoja na kadi ya mtafuta kazi ya ONEM, na saa ya mwisho, ambayo ilikuwa siku hiyo hiyo saa 10 alasiri. Hakuwahi. Jioni alinitangaza katika kundi la WhatsApp la kanisa kwamba ninakula pesa za watu.

Sasa nieleze kazi zenyewe zinavyotofautiana. Anayetaka nimkagulie CV hahitaji hata kunitumia tangazo: ninaangalia tarehe zinazogongana, namba ya simu isiyopatikana tena, makosa ya maandishi, kazi ya zamani iliyowekwa juu ya kazi ya sasa. Anayetaka CV ilinganishwe na tangazo lazima anipe CV, tangazo zima tangu juu mpaka chini, na dakika kama 20 za kujibu maswali yangu. Anayetaka barua lazima anieleze kitu ambacho hakimo katika CV wala katika tangazo, kwa mfano sababu ya kuhama mji au pengo la mwaka mzima bila kazi. Barua isiyo na jambo la namna hiyo inarudia CV kwa sentensi ndefu tu.

Nilipoifungua CV ya kijana huyo, niliona kwa nini alihitaji kulinganishiwa. Alifanya kazi miaka 4 katika duka la saruji na rangi huko Kampemba, akiitwa muuzaji. Chini ya cheo hicho, mstari wa kwanza ulisema "kuhudumia wateja", na wa sita, ambao ni wa mwisho, ulisema "kusaidia kuhesabu bidhaa". Nilipomhoji, nikagundua kwamba kila Jumamosi yeye ndiye aliyehesabu mifuko yote, akailinganisha na kadi za bohari, akaandika upungufu kwenye jedwali la Excel na kutia sahihi hati za kutolea bidhaa. Hayo ndiyo tangazo lilikuwa likiyadai! Cheo chake ningekiacha kama alivyopewa na mwajiri, maana wakipiga simu kuuliza wataambiwa alikuwa muuzaji. Lakini mstari wa sita ungepanda juu na kuandikwa kwa ukamilifu, kwa maneno yale yale ya tangazo pale yanapokuwa kweli. Mgodini hajawahi kufanya kazi, na hilo nisingelibuni.

Mama Furaha wa Katuba: Pole sana, mama. Naomba kuuliza, je, tangazo hilo la bohari bado liko wazi? Mume wangu alitunza bohari Likasi kwa miaka mingi, na CV yake iko tayari.

Mwenye uzi: Lilifungwa Jumatano, mama. Likitoka lingine, nitumie tangazo zima pamoja na CV yake, na uniandikie kama anataka nikague au nilinganishe.

Papa Mukendi: Dada, unajisumbua bure. Barua hazisomwi na mtu. Kila anayekutumia picha, mlinganishie CV na tangazo, na mambo yamekwisha.

Mpanga Faili: Papa, umesema nusu ya kweli. Nimepanga faili za waombaji katika ofisi ya watumishi ya kampuni moja ya migodi. Katika mchujo wa kwanza tulikuwa na jedwali lenye masharti ya lazima ya tangazo, na tuliweka alama kwa kutazama CV peke yake. Hata hivyo, barua ikidaiwa na isiwepo, faili lilihesabiwa kuwa pungufu na kuwekwa kando. Barua zilisomwa baadaye, wakati waombaji wachache waliobaki walipokaribiana, na hapo aliyeeleza pengo lake vizuri alimpita aliyenyamaza. Kwako dada, naongeza swali moja ambalo lingekusaidia: mwulize mtu ameomba kazi ngapi kwa CV hiyo na ameitwa mara ngapi. Aliyeomba kazi nyingi za aina mbalimbali bila kuitwa popote, anza kumkagulia CV. Anayeitwa kwa kazi za dukani lakini haitwi kwa za mgodini, huyo mlinganishie. Anayefika kwenye mahojiano kisha anaangushwa, tatizo lake huenda halimo katika karatasi kabisa.

Mwenye uzi: Ahsante, ndugu. Swali hilo nitaliuliza kuanzia kesho, ingawa ninaogopa kwamba aliyeomba kazi 2 tu hatanipa jibu la kutegemea.

Mpanga Faili: Kweli, kwa 2 huwezi kujua kitu. Hapo soma CV na tangazo mwenyewe.

Neema K.: Mama, mimi ni miongoni mwa wanaotuma picha bila maneno, na ninaomba utusikilize. Tangazo liko kwa Kifaransa kigumu, na mara nyingi ninachotaka kujua ni kama ninafaa hata kujaribu. Sikujua kwamba kukagua ni tofauti na kulinganisha, kwa hiyo ningeandika neno gani?

Mwenye uzi: Neema, umenigusa, kwa sababu haja hiyo ni ya nne na sikuihesabu. Basi andika maneno mawili tu, "Je, ninafaa?", na uambatanishe CV yako. Nitasoma masharti ya lazima, na kama huna hata nusu yake nitakuambia kabla hujatumia pesa yako. Bado sijajua kama nilipishe kazi hiyo, kwa sababu kuisoma vizuri kunachukua robo saa, na picha ninazopokea ni nyingi.

Papa Mukendi: Lipisha, dada. Hata robo saa ni kazi.

Neema K.: Akilipisha, papa, tutarudi kutuma picha na kunyamaza.