Naomba ushauri: pembetatu inanipa alama isiyo sahihi kwenye arcsec x

Habari zenu wakuu. Kutafuta derivativu ya arcsin na arctan kwa njia ya pembetatu mraba hakunisumbui. Nimekwama kwenye y = arcsec x.

Naanza na sec y = x, kisha natafuta derivativu pande zote mbili nikichukulia y inategemea x: sec y · tan y · y' = 1. Nachora pembetatu: kiegama x, upande wa karibu 1, upande wa mkabala √(x² − 1). Napata y' = 1/(x√(x² − 1)).

Kwa x = 2 ni sawa kabisa. Lakini nikiweka x = −2 napata −0.289, wakati kikokotoo kinasema arcsec(−2) ni 2.094 na arcsec(−1.9) ni 2.125. Yaani inapanda!

Nahisi kosa ni tan y: kwa x = −2, y = 2π/3, na hapo tan y ni −√3, ila mchoro wangu hauna upande hasi. Je, ndiyo maana kwenye fomula ya y' inaandikwa |x| badala ya x? Na mnachoraje pembetatu pale y inapozidi π/2? Nisaidieni tafadhali.