Akaunti mpya ya Google Ads haina data ya mauzo: nianze na "kuweka kikapuni"? Naombeni ushauri

MashukaDar
Habari wakuu. Nauza mashuka na foronya kwenye tovuti, wateja wangu wengi wako Dar. Oda ya kawaida ni 65,000, na nikitoa mzigo, bodaboda na vifungashio nabaki na kama 18,000. Mpaka sasa wateja wote walikuwa wanatoka Instagram na WhatsApp. Google Ads nimefungua siku 12 zilizopita, akaunti haijawahi kutumika kabisa.

Nimeweka kampeni moja ya Search, bajeti 30,000 kwa siku, mkakati Maximize conversions na Target CPA, yaani lengo la gharama kwa kila konvesheni, 10,000. Konvesheni, yaani tendo ninalotaka mfumo uhesabu, ni `purchase` peke yake. Shida ni kwamba hela hailiwi. Kwa siku zote 12 zimetumika 48,000 tu, kliki 160, oda 2. Lakini kwenye ripoti naona `add_to_cart` 31. Je, nikifanya kikapu ndicho kiwe konvesheni, mfumo utapata cha kujifunzia? Au nitakuwa naudanganya?

Kibamba_77
Mkuu, weka zote mbili, kikapu na oda, ziwe Primary, yaani mfumo ujifunzie hizo. Mfumo utapata ishara nyingi, na anayenunua atahesabiwa mara mbili, kwa hiyo mfumo utajua wenyewe kwamba huyo ni bora kuliko aliyeweka kikapuni akaondoka. Ongeza na bajeti.

mama_duka
Mimi nilipolipia tangazo Instagram nilichagua watu wanitumie meseji. Meseji zilikuja nyingi sana, wanunuzi hakuna. Kwa hiyo hizi ishara ndogo ndogo mimi siziamini. Achana nazo kaka.

Fundi_Kliki
Ndugu MashukaDar, tuanze na hiyo hela isiyoliwa. Umeiambia akaunti isiyo na historia kwamba oda isizidi 10,000. Mfumo haujui nani atanunua, kwa hiyo karibu kila mnada unaona hauna uhakika, unaweka bei ndogo, unashindwa. Ondoa Target CPA leo. Kuongeza bajeti hakusaidii chochote wakati hata hiyo 30,000 haigusiki.

Pili, kabla ya kugusa kikapu, angalia namba yako. Vikapu 31 kwenye kliki 160 ni karibu mtu mmoja kati ya watano. Kwa wageni waliokuja kutoka utafutaji, hawajawahi kukusikia, hiyo ni nyingi mno. Nashuku tagi, ule msimbo wa kuhesabu, inapiga zaidi ya mara moja. Fungua Tag Assistant, ingia ukurasa wa shuka moja, bonyeza "Weka kikapuni" mara moja tu, kisha bonyeza alama ya kuongeza idadi. Hesabu `add_to_cart` ngapi zimetoka. Halafu urudi hapa.

Kibamba_77, wazo lako lina ukweli nusu. Ni kweli mnunuzi atapata uzito wa mbili na asiyenunua uzito wa moja. Tatizo ni kwamba uzito halisi hauko hivyo. Kama kati ya vikapu vinane kimoja tu ndicho kinalipwa, kikapu kisicholipwa hakiwezi kuwa na thamani ya nusu ya mnunuzi. Tena safu ya Conversions itachanganya vitu viwili, na gharama kwa kila konvesheni itaonekana nafuu wakati duka linapoteza.

MashukaDar
Fundi, umeona mbali. Nimejaribu: kitufe kimetoa moja, kisha kila nikibonyeza alama ya kuongeza inatoka nyingine. Hata kikapu kikifunguliwa tena baada ya kurudi nyuma kinatoa. Nimehesabu upya kwa watu badala ya matukio: ni watu 12 tu.

Fundi_Kliki
Safi, sasa tuna namba ya kufanyia kazi. Kwenye mipangilio ya konvesheni ya kikapu, sehemu ya Count, chagua One, ili kliki moja ya tangazo ihesabiwe kikapu kimoja hata mtu akibonyeza mara kumi. Ya `purchase` iache Every, maana oda mbili ni hela mbili. Lakini usitegemee hiyo peke yake. Mwambie aliyekutengenezea tovuti atoe tagi kwenye kitufe cha idadi, ibaki kwenye kitufe kimoja tu.

Sasa swali la maana: kikapu kimoja una haki ya kukilipia shilingi ngapi? Vikapu 12 ni vichache mno kukupa jibu. Chukua wateja wote wa duka, pamoja na wa Instagram, siku 60 zilizopita. Wangapi waliweka kikapuni, wangapi walilipa?

MashukaDar
Watu 210 waliweka, 27 walilipa. Nimehesabu kwa watu, na waliolipa nimewatoa kwenye daftari la oda, siyo kwenye ripoti.

Fundi_Kliki
27 kwa 210 ni kama asilimia 13. Zidisha na faida yako ya 18,000, unapata karibu 2,300. Hapo ndipo kikapu kinarudisha hela yake bila faida wala hasara.

Sasa upande wa pili: 48,000 kwa vikapu 12 ni 4,000 kila kimoja. Kwa hiyo hivi sasa kila kikapu kinakula 1,700 zaidi ya kinachorudisha. Heri ulijue mapema. Ungebaki na ile 31 ya uongo ungeona kikapu kinagharimu 1,550 na ungemwaga bajeti kwa furaha.

Njia ninayoshauri ni hii. Wiki mbili za kwanza weka Maximize clicks, na kikomo cha bei ya kliki kama 300. Zima Display Network na Search partners ndani ya kampeni hiyo. Eneo chagua Presence, yaani watu walioko Dar kweli, siyo wanaoonyesha kuvutiwa na Dar. Tumia maneno machache yanayotaja kitu: "mashuka 6x6", "mashuka ya pamba", "foronya". Kikapu kiache Secondary, ukikitazama tu kwenye safu ya All conv. Kazi ya wiki hizi ni kuthibitisha kwamba tagi iko sawa na kujua maneno gani yanaleta nini.

Baada ya hapo kifanye kikapu Primary, `purchase` iwe Secondary kwa muda, uhamie Maximize conversions bila kuweka lengo la bei. Kwa 30,000 kwa siku na 4,000 kila kikapu, utapata kama 50 kwa wiki. Hiyo ni ishara ya kutosha mfumo kuanza kutofautisha watu. Kwa gharama ya sasa utapoteza kama 85,000 kwa wiki wakati unajifunza, kwa hiyo amua kabisa ni wiki ngapi unaweza kuvumilia.

Kibamba_77
Nimekuelewa hapo kwenye uzito. Lakini hiyo asilimia 13 imetoka kwa watu wa Instagram wanaomjua. Wa Google hawatalipa kwa kiwango hicho.

Fundi_Kliki
Hoja nzuri, na mimi nakubali. Ichukue 2,300 kama kikomo cha juu. Akifikisha vikapu 100 vya Google apige hesabu upya kwa hao tu, na kama ni asilimia 8, kikomo kinashuka mpaka 1,440.

Dada mama_duka, ulichokiona Instagram kinahusika hapa kuliko unavyodhani. Mfumo ulikuletea ulichoomba: watu wa kutuma meseji. Kikapu nacho kikiwa kitu rahisi, utaletewa watu wa kujaza vikapu. MashukaDar, gharama ya kupeleka mzigo mteja anaiona wapi?

MashukaDar
Anaiona akishaweka kikapuni na kuchagua eneo. Mbezi 5,000, Kigamboni 7,000, Sinza 3,000.

Fundi_Kliki
Ndiyo hapo. Watu wengi wanaweka kikapuni ili tu wajue nauli. Kikapu chako kinapima udadisi, na mfumo ukijifunzia hicho utakutafutia wadadisi. Weka bei za maeneo kwenye ukurasa wa shuka lenyewe, chini ya bei. Vikapu vitapungua, usiogope, vitakavyobaki vitakuwa na maana zaidi. Kisha kila wiki fungua Search terms ulinganishe vikapu na `begin_checkout` kwa kila neno. Neno kama "bei ya mashuka" likileta vikapu 15 na hakuna hata mmoja aliyeanza malipo, liweke kwenye maneno yaliyozuiwa.

wa_Ngara
Niko Nairobi. Kuna jambo hamjaligusa. Hizo oda 2 zinaweza kuwa zaidi. Mteja akilipa kwa simu, ombi la PIN linatokea, anaweka PIN, anasoma meseji ya kwamba amelipa, anafunga kila kitu. Ukurasa wa "Asante" haufunguki, na `purchase` iko kwenye ukurasa huo. Hela imeingia, Google haijui.

Suluhisho ni kuhifadhi `gclid`, nambari ya kliki ya tangazo, ndani ya oda pale mteja anapoanza malipo. Jibu la malipo likifika kwenye seva, oda hiyo inapakiwa kama konvesheni ya nje ya tovuti. Kliki isizidi siku 90. Na nambari ya oda lazima iwe ileile kila mahali, ili oda ambayo ukurasa wa Asante umeshaihesabu uitambue na usiipakie tena:

```
gtag('event', 'purchase', {
  transaction_id: 'ODA-1047',
  value: 65000,
  currency: 'TZS'
});
```

MashukaDar
Nimekagua daftari sasa hivi. Kuna oda ya tatu, alilipa kwa simu, Google haikuiona. Na wanaolipa mzigo ukifika je?

wa_Ngara
Hao wapakie siku mzigo ulipopokelewa na hela ikalipwa, siyo siku alipoagiza. Wanaokataa mlangoni wasiingie kabisa, la sivyo utaufundisha mfumo kutafuta wakataaji.

Kibamba_77
Swali la mwisho kwa Fundi. Atarudi lini kwenye `purchase`? Mimi nasema oda 15 kwa mwezi zinatosha.

Fundi_Kliki
Kwa duka lenye bidhaa zinazofanana bei, 15 inaweza kwenda, lakini wiki moja ikiwa kavu kampeni inayumba. Mimi napenda kusubiri 30 ndani ya siku 30. Siku ya kubadilisha, badilisha hilo tu. Usiguse bajeti, usiweke Target CPA, kaa wiki mbili.

wa_Ngara
Mimi hapo siko na Fundi. Kwa bajeti ya 30,000 hiyo 30 inaweza isifike kamwe. Heri ahamie `begin_checkout` kwanza, iko katikati, na baada ya kuweka nauli mbele itakuwa safi kuliko kikapu.

Fundi_Kliki
Ikiwa `begin_checkout` zinafika 20 kwa wiki, sina pingamizi. Zikiwa 6 au 7, tunarudi kulekule kwenye ukame. MashukaDar, rekebisha tagi na nauli, kisha baada ya wiki mbili weka hapa vikapu, `begin_checkout` na oda, kila moja kwa watu, tuone.

MashukaDar
Target CPA nimeshaitoa. Fundi wa tovuti anakuja kesho kwa ajili ya kitufe. Nitaleta namba hapahapa.