Tupeane uzoefu: Ajali ndogo uliyoisahau, bima kubwa ikagoma kulipa

Mzigo_wa_Chalinze (aliyeanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Nimekaa na hili jambo wiki ya tatu sasa, nimeona nililete hapa ili wenye uzoefu nao waseme yao.

Nilikatia gari yangu bima kubwa, thamani milioni 18, nikalipa Sh 743,400 pamoja na kodi. Miezi saba baadaye, usiku, nikitokea Morogoro, lori lililoharibika lilikuwa limeachwa barabarani bila hata tawi la mti nyuma yake. Nikaliingia. Mimi nilitoka na mkono uliovunjika, gari ndiyo basi tena.

Kampuni ikamtuma mthamini. Mtu mpole, akapiga picha, akauliza maswali. Alipofungua mlango wa mbele kushoto akaona una rangi tofauti kwa ndani na boliti zake zimeshawahi kufunguliwa. Akaniuliza, "Hii iligongwa lini?" Nikamjibu bila wasiwasi wowote: miaka miwili nyuma, bodaboda aliniingia ubavuni pale Msamvu, tukamalizana wenyewe, fundi akachukua Sh 350,000. Akaandika.

Barua iliyokuja inasema mkataba wangu "haukuwa halali tangu mwanzo" kwa sababu sikutaja ajali ya awali. Wameambatanisha nakala ya fomu. Swali lenyewe: "Je, gari hili au dereva wake amepata ajali au hasara yoyote ndani ya miaka 5 iliyopita, iwe fidia ilidaiwa au haikudaiwa?" Pembeni kuna HAPANA, kwa mwandiko wa wakala. Chini kuna sahihi yangu. Ile fomu niliisainia juu ya boneti, jua la saa nane, yeye akisema "weka sahihi hapa na hapa, mengine nitajaza".

Wallahi sikuficha. Ilikuwa imenitoka kabisa kichwani. Nani mwingine yamemkuta?

Fundi_Kinyozi

Pole sana mkuu, na mkono upone. Ila hapo wanakutisha tu. Bodaboda wa Msamvu na lori la juzi vinahusiana nini? Wakitaka kukataa lazima waonyeshe ajali ya zamani ndiyo iliyosababisha hii mpya. Usikubali.

Mama_Rukia

Mimi yangu ni ya stika. Nilisimamishwa na trafiki nikaambiwa stika imeisha siku mbili kabla, na nilikuwa nimeshalipa kwa wakala. Hapo nani mwenye kosa?

Bibi_Hatari

Mama Rukia, yako ni nyingine, mpendwa: angalia kwanza kama malipo yako yalisajiliwa kwenye mfumo wa TIRA, maana stika siku hizi zinahakikiwa huko. Fungua mada yake, tutakuja.

Kaka wa Chalinze, nimekaa miaka kumi na moja kwenye meza ya kupokea maombi ya bima za magari kabla sijaacha kazi, kwa hiyo nikuambie ukweli hata kama unauma. Fundi Kinyozi hapo juu amekosea. Kwa kanuni ya zamani tuliyorithi kwa Waingereza, swali si kama ajali ya kwanza ilisababisha ya pili. Swali ni kama yule anayekadiria hatari, angejua, angebadilisha bei, angeweka masharti au angekataa. Na kusahau si kinga. Mtu mkweli aliyesahau na mtu mwongo wanaweza kukutwa na mkataba uliofutwa vilevile. Tofauti yao inakuja kwenye pesa: kama hakuna udanganyifu na wanaufuta mkataba tangu mwanzo, wanatakiwa wakurudishie ada uliyolipa. Hawawezi kusema mkataba haukuwepo halafu wabaki na Sh 743,400. Barua yako imesema chochote kuhusu hilo?

Kuhusu wakala, hapo ndipo wengi wanapoumia. Kuna hukumu ya Uingereza ya mwaka 1929 ambayo makampuni huitegemea mpaka leo: wakala anapokujazia fomu yako, kwa kazi hiyo anahesabiwa ni mkono wako, si mkono wa kampuni. Sahihi yako inayafanya majibu yawe yako. Lakini ulimwambia wakala kuhusu Msamvu, au hakukuuliza kabisa? Hayo ni mambo mawili tofauti.

Na nyinyi wengine someni swali lilivyoandikwa. Nimeona fomu zinazouliza tu "umewahi kudai fidia?" Aliyegongwa akajitengenezea mwenyewe akajibu hapana, amesema kweli. Nyingine zinauliza miaka 3. Ajali ya mwaka wa nne hapo kwa kawaida haimbani mtu, kwa sababu kampuni yenyewe imechagua inataka kujua nini. Na wakikupokea fomu yenye swali lililoachwa wazi, wakachukua pesa bila kuuliza, ni vigumu baadaye kulalamika kwamba hawakuambiwa. Bahati mbaya swali lako limefunga mlango: "iwe ilidaiwa au haikudaiwa".

Mzigo_wa_Chalinze

Asante sana dada. Barua haijagusa ada kabisa. Na wakala hakuniuliza lile swali, hilo nina hakika. Alijaza nikiwa sipo.

Msafiri_Lesta

Nipo Uingereza, nami yalinikuta. Nilikwaruzwa kwenye maegesho ya duka, nikaripoti kwa kampuni lakini sikudai kitu, nikasahau. Miaka mitatu mbele, kampuni nyingine, nikagongesha. Waliliona mara moja, kwa sababu makampuni huku yanashirikiana kanzidata moja ya madai na matukio.

Lakini hawakunifutia. Tangu sheria yao ya mwaka 2012 ya wateja wa kawaida, wanaangalia kama ulidanganya makusudi au ulikosa umakini tu. Mimi walisema nilikosa umakini. Nililipa ada ya pauni 600, wangejua wangenitoza 800, kwa hiyo nilistahili robo tatu. Dai la pauni 4,000 nikalipwa 3,000. Iliniuma, ila si sawa na kukosa yote.

Fundi_Kinyozi

Kumbe wenyewe walioleta ile kanuni wameshailegeza, sisi tumebaki nayo. Nimekubali nilikosea, lakini haki haipo hapo.

Wanjiru_wa_Thika

Huku Kenya mama yangu aligongwa na gari akitembea zake kando ya barabara. Kesi ikaendelea, halafu kampuni ya bima ikasema mwenye gari alificha ajali zake za nyuma, kwa hiyo hawatalipa. Wakili wetu aliuliza swali moja tu: je, mlikwenda mahakamani kupata tamko la kufuta bima hiyo kabla ya kesi yetu au ndani ya miezi mitatu tangu ilipofunguliwa? Hawakuwa wamekwenda. Sheria yetu ya bima ya watu wengine, Sura ya 405, inawabana hapo. Walilipa. Kwa hiyo tutenganishe: mwenye gari anaweza kunyimwa pesa za gari lake, lakini aliyegongwa ana ulinzi wake.

Bibi_Hatari

Umesema vizuri, mamangu.

Kaka, fanya hivi. Waandikie, uombe mambo mawili kwa maandishi: mwongozo wao wa kukadiria unaoonyesha ajali ya Sh 350,000, bila dai, ingebadilisha nini, na hesabu ya ada yako. Wakikwepa, peleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, yule aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Andika pia tarehe na mahali uliposaini, na kama kulikuwa na mtu anaona. Sikuahidi ushindi. Mimi mwenyewe nilishakataa madai kama yako, na kuna mawili matatu ambayo mpaka leo sina amani nayo.

Mzigo_wa_Chalinze

Shemeji yangu alikuwepo pale, alishika hata kofia ya wakala isipeperuke. Barua naipeleka Jumatatu kwa mkono, nagongesha muhuri wa kupokelewa. Nitarudi na majibu.